Meza kumi au kumi na mbili: kusahihisha muhtasari uliokwisha kuthibitishwa

Mkaguzi wa nje alikuwa na faili la mihutasari ya Bodi upande mmoja wa meza na bando la vocha upande wa pili. Vocha ya Aprili 2023 ilionyesha kwamba chama kimemlipa fundi samani Sh. 5,400,000. Muhtasari wa kikao cha Bodi cha tarehe 16 Machi 2023, ukurasa wa tatu, ulisema Bodi imeidhinisha Sh. 4,500,000. Akaandika hoja yake kwa sentensi moja: malipo yamezidi idhini ya Bodi kwa Sh. 900,000, menejimenti itoe maelezo.

Chama chenyewe ni SACCOS ya wafanyakazi, na Bodi yake ina wajumbe saba. Muhtasari ule wa Machi ulisomwa na kuthibitishwa katika kikao cha tarehe 15 Juni bila marekebisho yoyote, mwenyekiti na katibu wakasaini kila ukurasa, muhuri ukapigwa. Nakala moja ilikwenda kwa Afisa Ushirika. Nyingine ilikwenda benki, kwa sababu kikao hicho hicho ndicho kilichobadilisha watia saini wa akaunti. Kwa hiyo hoja ya mkaguzi ilipokuja Septemba, ukurasa wa tatu ulikuwa umeshakaa katika mafaili ya ofisi tatu.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa meneja, na ndilo ambalo watu wengi wangelitoa. Kosa ni la kuchapa tu, alisema, tarakimu mbili zimepishana. Ukurasa wa tatu uchapwe upya ukiwa na kiasi sahihi, wale wale wawili wasaini, muhuri upigwe, ule wa zamani uchanwe. Niliombwa kusaidia katika hatua hiyo, na jambo la kwanza nililoomba ni kwamba ukurasa ule usiguswe na mtu yeyote.

Hatari iliyo wazi ni kwamba nakala za benki na za Afisa Ushirika zingeendelea kusema 4,500,000, na mkaguzi mwenyewe alikuwa ameshatoa kivuli cha ukurasa huo. Siku nakala mbili zenye saini zile zile na tarehe ile ile zitakapowekwa pamoja zikiwa na kiasi tofauti, hakuna atakayeamini habari ya kosa la kuchapa. Swali litakuwa nani kaghushi, na aliyesaini mara mbili atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Lakini hata kama kusingekuwa na nakala nyingine duniani, ukurasa mpya bado ungekuwa wa uongo, ingawa tarakimu yake ni ya kweli. Saini na tarehe zilizopo juu yake zinadai kwamba Bodi iliusoma na kuuthibitisha ukurasa huo tarehe 15 Juni. Bodi haikuuona. Ilichokiona na kukithibitisha siku hiyo ni ukurasa wenye 4,500,000, na hilo ni tukio lililotokea kweli. Kumbukumbu inayofuta kosa inafuta pia ukweli kwamba watu saba walilisoma wakalipitisha.

Kalamu nayo ina wakati wake. Pale Juni, kabla ya kuthibitisha, mjumbe yeyote angeweza kunyoosha mkono akasema kiasi kimekosewa. Katibu angekata tarakimu kwa mstari mmoja unaoacha cha zamani kisomeke, akaandika sahihi juu yake, mwenyekiti akaweka saini fupi pembeni, na muhtasari ungethibitishwa "pamoja na marekebisho hayo". Hiyo ni kazi halali na ya kila siku, kwa kuwa hadi hapo karatasi ni rasimu ya katibu. Ikishasainiwa inakuwa maandishi ya Bodi, na Bodi husema jambo jipya kupitia kikao kingine tu. Sheria za makampuni za Tanzania na Kenya, zilizofuata nyayo za Uingereza, zinauchukua muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti kuwa ushahidi wa yaliyofanyika kikaoni. SACCOS ina sheria yake ya ushirika, lakini desturi ya vikao ni hiyo hiyo. Ushahidi unaweza kupingwa kwa ushahidi mwingine. Haubadilishwi kimyakimya.

Kabla ya kufikiria namna ya kusahihisha, kulikuwa na swali zito zaidi, nalo karibu lipitwe na kila mtu kwa sababu jibu lilionekana wazi. Je, ni muhtasari uliokosea, au ni malipo? Sahihisho linaweza kurekebisha kumbukumbu iliyoandika vibaya uamuzi uliofanyika. Haliwezi kuubadilisha uamuzi wenyewe. Kama Bodi kweli iliidhinisha 4,500,000 na menejimenti ikalipa zaidi, basi muhtasari uko sahihi na dawa yake ni nyingine kabisa: Bodi ikae, ielezwe kwamba kuna matumizi yaliyozidi, iamue kuyaridhia au kutoyaridhia, na uamuzi huo ubebe tarehe ya siku ulipofanyika. Ukiitumia njia ya sahihisho hapo, unatengeneza idhini ya Machi ambayo Machi haikuwepo.

Na hapa kisa kiligeuka kuwa kigumu kuliko kilivyoonekana. Samani zilizonunuliwa ni meza na viti vyake, kila seti Sh. 450,000. Seti kumi na mbili ni Sh. 5,400,000. Seti kumi ni Sh. 4,500,000. Yaani tarakimu "iliyokosewa" haikuwa tarakimu ya ovyo, ilikuwa ni bei kamili ya meza kumi. Muhtasari wenyewe ulisema tu kwamba Bodi imeidhinisha ununuzi wa samani za ofisi mpya, bila kutaja idadi. Na mjumbe mmoja, mzee aliyekaa katika Bodi miaka mingi, alisema anakumbuka vizuri kwamba siku ile walizungumzia meza kumi.

Kwa hiyo tulikusanya ushahidi, tukaupanga kwa kufuata wakati ulipoandikwa, maana hapo ndipo uzito wake ulipo. Vilivyoandikwa kabla ya kikao vilikuwa viwili: waraka wa menejimenti uliogawiwa kwa wajumbe, ukiomba idhini ya seti kumi na mbili kwa Sh. 5,400,000, na ankara kifani tatu za mafundi mbalimbali, zote za seti kumi na mbili. Hivi vinathibitisha kilichoombwa. Havithibitishi kilichokubaliwa, kwa kuwa Bodi inaweza kupunguza ombi, na ndicho hasa mzee alichokuwa akikisema.

Vilivyoandikwa baada ya kikao vilikuwa vingi zaidi: barua ya oda kwa fundi, hati ya kupokelea mzigo yenye seti kumi na mbili, vocha yenyewe. Meneja alivitegemea sana hivi, na ndivyo vilivyokuwa dhaifu kuliko vyote. Vinaonyesha menejimenti ilifanya nini. Kama menejimenti ingekuwa imevuka idhini, vingekuwa vile vile, mstari kwa mstari. Hati iliyotokana na jambo linalotiliwa shaka haiwezi kulitetea jambo hilo.

Kilichoandikwa ndani ya kikao kilikuwa kimoja tu, kaunta buku la katibu. Ni daftari la kawaida la mistari, kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka uliojaa vifupisho. Ukurasa wa tarehe 16 Machi, chini ya "samani", ulikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema ombi ni meza 12, 5.4m. Wa pili ulitaja herufi za mwanzo za jina la yule mzee, kisha "apendekeza 10, bajeti". Wa tatu: "Mhazini – bajeti ipo 6m. Wakubali 12." Chini yake mstari ukapigwa, ajenda inayofuata ikaanza.

Mistari hiyo ilimaliza mambo mawili kwa pamoja. Ilionyesha uamuzi ulikuwa wa seti kumi na mbili. Pia ilionyesha kwamba mzee hakuwa amechanganyikiwa: meza kumi zilizungumzwa kweli, na aliyezitaja ni yeye, ila pendekezo halikupita. Na yumkini ndiyo sababu tarakimu ya 4,500,000 haikumshtua yeyote mwezi Juni. Kama katibu alizipishanisha tarakimu wakati wa kuchapa au alibeba kichwani hesabu ya meza kumi iliyotajwa kikaoni, hakuna hati inayoweza kusema, na sahihisho halikuhitaji kusema.

Naomba makatibu walitazame jambo hili kwa makini. Katika ofisi nyingi rasimu za mkono hutupwa mara muhtasari unapothibitishwa, na kwa kawaida hakuna ubaya, kwani muhtasari ndio kumbukumbu rasmi. Lakini kama daftari lile lingekuwa limetupwa, tungebaki na ombi la seti kumi na mbili, muhtasari wenye bei ya seti kumi, na kumbukumbu za watu zinazopingana. Hapo ushauri wangu ungekuwa kwamba muhtasari ubaki kama ulivyo, hoja ya mkaguzi ikubaliwe, na Bodi iombwe kuridhia ziada ya 900,000 kwa uamuzi mpya. Penye shaka ya kweli, maandishi yaliyothibitishwa ndiyo yanayosimama. Mwenye kutaka kuyapinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Suala hili halikuingizwa kwenye "mengineyo", wala halikutajwa chini ya "yatokanayo" kana kwamba ni maelezo ya pembeni. Lilipewa namba yake katika ajenda za kikao cha tarehe 12 Oktoba: "Kusahihisha kosa katika muhtasari wa kikao cha tarehe 16 Machi 2023". Wajumbe walipewa taarifa pamoja na makabrasha: kivuli cha ukurasa wa tatu uliosainiwa, kivuli cha ukurasa wa kaunta buku, waraka wa menejimenti, na rasimu ya maneno ya sahihisho. Taarifa ya mapema si adabu tu. Anayekuja kikaoni akiwa ameshaona hati hawezi kusema baadaye kwamba alishtukizwa, na mjumbe anayepinga anapata nafasi ya kutafuta karatasi zake. Vyama vya Waswahili walioko Marekani vinavyoendesha vikao kwa kanuni za Robert, kitabu cha taratibu za vikao kinachotumika sana huko, vinalijua hili kwa sura ya kura: huko muhtasari uliothibitishwa unaweza kusahihishwa hata baada ya miaka, kwa hoja ya kurekebisha jambo lililokwisha kupitishwa, na wingi wa kawaida wa kura unatosha kama taarifa ilitolewa mapema. Bila taarifa hiyo, hutakiwa theluthi mbili ya kura, au zaidi ya nusu ya wanachama wote. Katiba ya chama chetu haikuwa na kifungu kuhusu hilo, kwa hiyo tulifuata utaratibu wake wa kawaida wa maamuzi, tukahakikisha tu kwamba akidi imetimia na taarifa imefika.

Suala la nani apige kura lilizuka mara moja. Wajumbe wawili wa Oktoba hawakuwepo Machi, mmojawao akiwa mwenyekiti mpya. Kuna imani iliyoenea kwamba asiyehudhuria kikao hana ruhusa ya kuthibitisha wala kusahihisha muhtasari wake. Kama kanuni zenu hazisemi hivyo, hakuna kizuizi: mjumbe anaamua kwa kupima ushahidi uliowekwa mezani, na Bodi ni ile ile hata wajumbe wake wakibadilika. Hata hivyo ni busara wale waliohudhuria waseme kwanza. Mmoja wa hao wawili alichagua kutopiga kura, mwenyekiti akapiga.

Mzee alisoma ile mistari mitatu ya kaunta buku, akauliza katibu kama mwandiko ni wake na kama uliandikwa siku hiyo hiyo. Katibu akajibu ndiyo. Akasema basi hana pingamizi juu ya kiasi, ila anataka muhtasari wa Machi uonyeshe kwamba alipendekeza meza kumi. Ombi lake lilieleweka, lakini kulikubali namna ile kungekuwa hatari. Muhtasari wa Machi ulirekodi maamuzi, haukurekodi mijadala, na haukukosea kwa kuacha pendekezo ambalo halikupita. Sahihisho likianza kuongeza yale ambayo mtu anatamani yangeandikwa, halitakuwa na mwisho, na kila mwenye hoja iliyoshindwa atarudi kudai nafasi yake. Mwenyekiti akampa njia nyingine: kauli yake iandikwe katika muhtasari wa Oktoba, kama kauli aliyoitoa Oktoba. Akaridhika.

Maneno yaliyopitishwa ni haya, na nayaweka yote kwa sababu kila sehemu ina kazi yake:

"Muh. Na. 58/2023. Bodi ilijulishwa kuwa Muh. Na. 21/2023 ya kikao cha tarehe 16 Machi 2023, iliyothibitishwa tarehe 15 Juni 2023, ina kosa la kumbukumbu. Maneno yaliyoandikwa ni: 'Bodi iliidhinisha Sh. 4,500,000 kwa ununuzi wa samani za ofisi mpya.' Baada ya kupitia waraka wa menejimenti uliowasilishwa katika kikao hicho na kumbukumbu za mkono za Katibu za siku hiyo, Bodi imeridhika kuwa uamuzi uliofanyika ulikuwa: 'Bodi iliidhinisha Sh. 5,400,000 kwa ununuzi wa seti 12 za meza na viti kwa ofisi mpya.' Bodi imeazimia kuwa Muh. Na. 21/2023 isomwe pamoja na sahihisho hili. Muhtasari wa awali utabaki kama ulivyosainiwa. Wajumbe watano wamekubali, hakuna aliyepinga, mmoja hakupiga kura."

Jumla hiyo ya kura ni sita, kwa kuwa mjumbe mmoja alikuwa na udhuru siku hiyo. Maneno ya zamani yamenukuliwa yalivyo ili asomaye asilazimike kukisia ni nini kilichobadilika. Ushahidi umetajwa, kwa sababu "kosa la kuchapa" peke yake ni dai tu. Barua ya oda na vocha hazikutajwa kabisa, ingawa meneja alitaka ziongezwe. Na azimio limetumia "isomwe pamoja na", halikutumia "ibadilishwe", ili pande zote mbili zibaki zikisomeka. Idadi ya seti iliongezwa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo iliyotofautisha uamuzi huu na ule wa meza kumi, na ilikuwemo katika kaunta buku.

Muhtasari wa Juni, ulioandika kwamba ule wa Machi "ulithibitishwa bila marekebisho", uliachwa. Kuna aliyependekeza usahihishwe nao, kwa kuwa sasa marekebisho yapo. Lakini sentensi ile ni kweli tupu: Juni haikufanya marekebisho yoyote.

Kwenye nakala halisi ya Machi hakuna kilichoandikwa juu ya ukurasa wa tatu. Baadhi ya ofisi huandika rejea pembeni kwa kalamu, zikaweka tarehe na saini ya katibu, na ni utaratibu unaokubalika pale ulipozoeleka. Kwa kuwa mkaguzi alikuwa na kivuli cha ukurasa huo, tulichagua karatasi tofauti iliyobandikwa mbele ya muhtasari ule katika faili: "Muh. Na. 21/2023 isomwe pamoja na Muh. Na. 58/2023 ya tarehe 12 Oktoba 2023", jina la katibu, saini, tarehe. Bila kiunganishi hicho sahihisho linapotea. Anayefungua faili la Machi baada ya miaka mitano hana sababu ya kupekua la Oktoba.

Kompyuta ilihitaji uangalifu wake. Faili la muhtasari wa Machi lilikuwa bado kwenye mashine ya katibu, na tarakimu ingeweza kubadilishwa kwa sekunde chache na mtu mwenye nia njema kabisa. Kisha siku benki ikiomba nakala, ingechapwa hiyo, na tungerudi pale pale kwenye nakala mbili zinazogombana. Faili lile lilifungwa lisihaririwe, na ikaagizwa kwamba nakala za kutoa nje zitolewe kutoka kwenye skani ya kurasa zilizosainiwa, zikiambatana na ile karatasi ya rejea.

Dondoo ya Muh. Na. 58/2023 ilipelekwa kwa Afisa Ushirika na benki mara tu baada ya muhtasari wa Oktoba wenyewe kuthibitishwa, katika kikao kilichofuata. Benki haikuwa na haja na bei ya meza, ila ilikuwa na nakala nzima, na aliyepewa kosa anastahili kupewa sahihisho. Mkaguzi hakusubiri hadi hapo. Alipewa rasimu ya muhtasari wa Oktoba ikiwa imeandikwa wazi kuwa ni rasimu, pamoja na vivuli vya waraka na kaunta buku. Aliomba kuliona daftari lenyewe, akapitia kurasa za kabla na za baada ya tarehe 16 Machi kuangalia kama mwandiko na mfuatano wa tarehe haukukatika, akaiacha hoja wazi, kisha akaifunga alipopata muhtasari uliosainiwa.

Alifungua nyingine ndogo. Vocha ya Aprili ilitaja "idhini ya Bodi" bila namba ya muhtasari, na kama aliyeiandaa angelazimika kuinakili namba hiyo kutoka kwenye ukurasa wa tatu, angekutana na 4,500,000 kabla hundi haijatoka. Wakati huo muhtasari ulikuwa bado rasimu, na kuusahihisha kungekuwa kazi ya mstari mmoja wa kalamu kikaoni Juni.